Bluu mara 14, pinki mara 9

Nina daftari dogo la shule ninaloliweka juu ya sinki la bafuni, na kalamu imefungwa kwa uzi ili isipotee. Ukurasa wa kwanza umegawanywa kwa mstari katikati. Upande wa kushoto nimeandika "mimi, bluu", upande wa kulia "mdogo wangu, pinki". Chini ya kila jina kuna vistari, kistari kimoja kwa kila mara nywele zilipooshwa, na pembeni ya kila kistari neno moja au mawili juu ya rangi iliyopakwa kwenye nywele hizo nilivyoiona siku hiyo mchana, dirishani, bila taa.

Nililianza daftari hilo kwa sababu ya swali ninaloulizwa kila mahali, kwenye daladala la Makumbusho, kwenye foleni ya benki, na akina dada wa Kariakoo wanaouza rangi zenyewe: "Dada, hiyo rangi inakaa muda gani?" Nilikuwa najibu "mwezi hivi" kwa kuwa ndivyo kopo linavyosema. Kisha nikagundua kwamba jibu hilo halimsaidii mtu. Rangi hizi haziondoki kwa kupita siku, zinaondoka kwa maji. Mtu anayeosha nywele mara moja kwa wiki na mtu anayejimwagia maji kichwani asubuhi na jioni kwa sababu ya joto la Dar wanaweza kutumia kopo moja, wakapakwa siku moja na mkono mmoja, halafu mmoja akakaa na rangi miezi miwili na mwingine ikamtoka ndani ya wiki tatu. Kwa hiyo nikaacha kuhesabu wiki, nikaanza kuhesabu mara.

Kabla ya daftari nilishaumia. Mara ya kwanza nilipotaka bluu nilikwenda saluni moja, nikapauliwa nywele kwa blichi mara moja tu, zikafika rangi ya chungwa inayokaribia manjano, na hapo hapo nikapakwa bluu juu yake. Siku hiyo ilipendeza, maana rangi nzito iliyojaa hufunika mengi. Nilipoosha mara ya nne nilikuwa na kichwa cha kijani kilichofifia, kijani cha maji ya dimbwi, na kwenye kisogo kulikuwa na mabaka ya kahawia. Nilidhani rangi ilikuwa mbovu, lakini rangi haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa chini yake.

Nywele nyeusi zina melanini nyingi, na blichi haiitoi yote kwa mpigo. Inaipunguza kwa hatua, na kila hatua ina rangi yake: weusi unakuwa wekundu wa kutu, wekundu unakuwa chungwa, chungwa linakuwa manjano mazito, manjano mazito yanakuwa manjano mepesi. Rangi ya bluu ikikaa juu ya manjano mnafahamu inazaa nini, kila mtoto aliyewahi kuchanganya rangi shuleni anajua: kijani. Juu ya chungwa ni balaa zaidi, kwa sababu bluu na chungwa zinauana na kubaki tope. Mwanzoni huoni, kwa kuwa bluu ni nyingi kuliko manjano. Bluu inavyopungua kila unapoosha, manjano yaliyo chini hayapungui, na siku moja yanashinda.

Kipimo ninachokiamini, na ndicho wasusi wengi wazuri wanakitumia, ni ndizi mbivu. Menya ndizi, geuza ganda, tazama upande wa ndani. Nywele zikifikia rangi ile, manjano mepesi sana yanayokaribia weupe, bluu itakaa kama bluu. Pinki inavumilia zaidi, hata juu ya manjano ya kawaida inakubali, ila itakuwa pinki yenye joto, na ikififia itaelekea rangi ya papai bivu. Kwa hiyo tulipoamua kufanya pamoja, mimi na mdogo wangu, binti wa mama mdogo anayeishi Kigamboni, tulikubaliana kwamba wote tutafika kwenye ganda la ndizi hata kama mmoja hakuhitaji.

Tulifanya kwa awamu mbili, siku 10 kati yake, kwa msusi mmoja wa Sinza ambaye sasa simwachi. Nywele zetu zote mbili zilikuwa za asili, hazina dawa, na hilo ndilo swali la kwanza alilouliza. Nywele zilizowekwa dawa ya kulainisha zimeshavunjwa viungo vyake vya ndani mara moja. Blichi ni pigo la pili, na nywele nyingi hazilimudu. Swali lake la pili lilikuwa la hina na piko. Mdogo wangu akasema alipaka piko mwaka uliopita kwa ajili ya harusi, lakini nywele zile alishazikata. Msusi hakumwamini kwa maneno. Alikata nywele chache za nyuma ya sikio, akazipaka blichi kwenye kibakuli cha plastiki, akazishika baada ya muda kuona kama zinapata moto au kufuka mvuke. Kuna hina za kuchanganywa, na pia rangi nyeusi za kopo, zenye chumvi za madini, na chumvi hizo zikikutana na peroksaidi huchemka, nywele zikaungua zikiwa kichwani. Zile za mdogo wangu zilikaa kimya, tukaendelea.

Mchanganyiko wake ulikuwa wa kawaida: unga wa blichi sehemu moja, krimu ya peroksaidi ya asilimia 6, ile inayoandikwa volyumu 20, sehemu mbili. Alikoroga kwa brashi ndani ya bakuli la plastiki, dirisha wazi, kwa sababu vumbi la unga ule hubana kifua, na wasusi wengine hupata pumu ya kazi kutokana nalo. Nilimuuliza kwa nini asitumie asilimia 12 ili tumalize siku moja. Akanijibu, "Mdogo wangu, mimi nataka rangi, na nywele pia nazitaka." Sikuuliza tena.

Nywele fupi zina jambo lake ambalo watu wenye nywele ndefu hawalijui. Ngozi ya kichwa ina joto, na joto huharakisha blichi. Kwenye nywele za sentimita 3 kama zangu, unywele mzima uko karibu na ngozi, basi unapauka haraka kuliko inavyoandikwa kwenye pakiti. Ongeza joto la Dar mwezi Februari. Msusi hakutuweka chini ya draya hata dakika moja. Kila baada ya dakika 5 alifuta blichi sehemu ndogo kwa pamba yenye maji na kutazama. Awamu ya kwanza alitoa dakika ya 40, nikiwa na manjano mazito. Tulirudi nyumbani tukiwa vile, tukapaka kondishena, tukapumzisha. Awamu ya pili alitoa dakika ya 30, ganda la ndizi.

Kabla ya awamu ya pili alifanya jambo ambalo ningependa kila mtu ajifunze kulifanya mwenyewe. Alichukua unywele mmoja uliolowa, akaushika ncha mbili na kuuvuta taratibu. Unywele wenye uhai unavutika kidogo halafu unarudi. Ule uliochoka unavutika kama bigijii, haurudi, kisha unakatika. Ukiona bigijii, siku hiyo hakuna blichi, hata kama rangi haijafika unapotaka. Wangu ulirudi. Wa mdogo wangu ulirudi kwa uvivu, kwa hiyo yeye awamu ya pili alitolewa mapema kidogo, na manjano yake yakabaki mazito kuliko yangu kwa kivuli kimoja. Likumbukeni hilo, maana linarudi baadaye.

Sasa kwa nini rangi hizi zinatoka? Rangi nyeusi ya kudumu inaingia ndani ya unywele ikiwa vipande vidogo visivyo na rangi, na peroksaidi inaviunganisha humo ndani vikawa vikubwa, vikashindwa kutoka. Bluu na pinki za kopo hazifanyi hivyo. Zinakuja zikiwa zimeshaiva, haziongezwi peroksaidi, hazibadiliki chochote kichwani. Zinajipenyeza chini ya magamba ya unywele na kushikilia kwa mvuto mdogo tu wa chaji, zenyewe zikiwa na chaji chanya na unywele uliopauliwa ukiwa na chaji hasi. Magamba ya unywele yamepangwa kama makuti ya paa, moja juu ya jingine. Unywele mzima makuti yake yamelala, rangi haiingii kwa urahisi. Blichi inayainua na kutoboa matundu. Ndiyo maana nywele zilizopauliwa hunywa rangi kama dodoki linavyonywa maji. Dodoki likikamuliwa linayaachia vile vile, na kila unapoosha ni kulikamua.

Tulipakwa rangi siku ile ile ya awamu ya pili, baada ya blichi kuoshwa vizuri kwa shampuu na nywele kukaushwa kabisa kwa taulo na hewa. Hakuna kondishena katikati. Kondishena inaziba zile nafasi ambazo rangi inazihitaji, na watu wengi wanapoteza nusu ya rangi yao hapo bila kujua. Nywele kavu pia ni muhimu, kwa kuwa zilizojaa maji hazina nafasi ya kunywa kingine.

Kwa kichwa changu msusi aliweka vijiko 4 vya chakula vya bluu, halafu akachovya ncha ya kijiko cha chai kwenye kopo la zambarau, akachanganya. Nilishtuka. Akanieleza kwamba zambarau ndiyo inayoua manjano, na kwa kuwa hata ganda la ndizi lina manjano kidogo, tone lile la zambarau linaifanya bluu ikae mbali na kijani tangu mwanzo. Kwa mdogo wangu aliweka pinki nzito tupu, bila kuipunguza. Mdogo wangu alitaka pinki ya upole, ya maua. Msusi akamwambia, "Hiyo ya upole utaipata wiki ijayo bila kuomba. Leo anza juu." Na kweli, ukianza na rangi iliyochanganywa na kondishena nyeupe ili iwe ya upole, unaanzia karibu na mwisho, na ukiosha mara tatu nne unabaki na blondi.

Tulivaa kofia za plastiki, tukakaa dakika 45, hakuna moto. Kisha tukasuuzwa kwa maji ya baridi, bila shampuu. Maji yangu ya kwanza yalitoka kama wino wa peni uliopasuka, yakaenda yakipungua mpaka yakawa ya samawati kidogo, akaacha hapo. Alitupa taulo nyeusi na agizo la kutoosha siku mbili. Shuka nyeupe tuliziweka kabatini.

Haya ndiyo yaliyo kwenye daftari. Mimi nilikuwa naosha kila baada ya siku 5, kwa shampuu laini na maji ya baridi, na nikioga navaa kofia ya kuogea. Kwa makusudi sikuongeza rangi yoyote katikati, nilitaka kuona mwisho wake. Mara ya 1: bluu ya usiku, povu la shampuu bluu. Mara ya 4: jinzi mpya. Mara ya 6: jinzi iliyofuliwa. Mara ya 8: anga la mchana. Mpaka hapo kila aliyeniona alisema bluu. Mara ya 9 niliandika "bluu?" na alama ya kuuliza, kwa kuwa dirishani ilikuwa bahari ya kina kifupi, ile rangi unayoiona ukikaribia ufukwe wa Mbudya kwa boti. Mara ya 11: kijani kinachotaka kuwa bluu. Mara ya 14: kijani cha pera bichi, chepesi, lakini kipo. Siku 70 zimepita, na ingekuwa ni juu ya rangi tu, kingekuwepo tena mwezi mwingine.

Upande wa mdogo wangu unasomeka tofauti. Yeye anafanya mazoezi, anaosha nywele siku moja, anapumzika moja. Mara ya 1: pinki kali. Mara ya 3: pinki ya maua, ile aliyoitaka. Mara ya 5: pinki ya upole sana. Mara ya 6: bado pinki, lakini kingo za usoni zimeshaanza kugeuka. Mara ya 7: papai. Mara ya 9: blondi yenye joto, na pinki imebaki kivuli nyuma ya masikio tu. Siku 18.

Ukiangalia harakaharaka utasema bluu inakaa kuliko pinki. Mimi mwenyewe nilisema hivyo, na bado nadhani ni kweli kwa namna fulani. Ila angalieni safu ile vizuri. Bluu ilikuwepo kichwani mara 14, lakini ilikuwa bluu mara 8 tu. Zilizobaki ilikuwa kitu kingine. Pinki ilikuwepo mara 9, na kwa 6 kati ya hizo ilikuwa pinki. Pinki inaondoka kwa heshima, inapungua, inakuwa papai, inakwisha, na papai kwenye ngozi zetu linapendeza. Bluu haiondoki hivyo, inang'ang'ania huku inabadilika. Kwa hiyo mtu akiniuliza sasa inakaa muda gani, namuuliza kwanza: unataka iwepo, au unataka iwe bluu?

Kulikuwa na jambo lililonisumbua kuhusu hesabu hii. Mdogo wangu aliniambia, tulipofika kama mara ya tano hivi, kwamba mara tatu za mwanzo alitumia sabuni ya kipande kwa sababu shampuu iliisha. Na nyumba anayopanga ina kisima chenye maji ya chumvi. Sasa pinki imeondoka kwa sababu ni pinki, au kwa sababu ya sabuni?

Nilikuwa na namna ya kujua. Siku mdogo wangu alipopunguza afro yake kabla ya blichi ya kwanza, nilimwomba msusi anipe vifungu vinne vya zile nywele zilizokatwa, nikavifunga kwa uzi, vikapauliwa pamoja nasi ndani ya foili na kupakwa rangi: viwili pinki, viwili bluu. Nilikuwa nimevihifadhi kwenye bahasha. Nikachukua kifungu kimoja cha kila rangi nikakiosha kwa sabuni ya kipande, na kingine kwa shampuu, maji yale yale ya bomba, kwenye vibakuli viwili vyeupe vya uji. Sikuhitaji kungoja mara tisa. Kwa pinki, kwenye kibakuli cha shampuu maji yalikuwa ya waridi hafifu. Kwenye kile cha sabuni yalikuwa kama juisi ya rozela. Baada ya mara ya tano, pinki ya sabuni ilikuwa imeshafika papai, na pinki ya shampuu bado ilikuwa pinki ya maua. Bluu nazo zilitofautiana, ila si kwa pengo kubwa kiasi hicho.

Sababu yake ni rahisi. Sabuni ya kipande ina ubesi, pH yake ni kama 9 au 10, na ubesi huuvimbisha unywele na kuyainua yale makuti. Shampuu nyingi ziko karibu na 6 au chini kidogo, makuti yanabaki yamelala. Maji ya moto nayo huvimbisha. Maji ya chumvi ya kisima yana kosa jingine: shampuu haitoi povu vizuri, kwa hiyo mtu anaongeza shampuu na kusugua zaidi, na kusugua ndiko kunakotoa rangi. Ukitaka kujua kama maji yako ni ya namna hiyo, tazama ndani ya birika lako la chai. Ukiona ukoko mweupe, chota maji ya kuoshea nywele mahali pengine, au walau ya kusuuzia.

Kwa hiyo nilirekebisha ninachosema. Kwa shampuu na maji baridi, pinki nzito nampa mtu mara 8 mpaka 10 ikiwa pinki. Kwa sabuni ya kipande, mara 4 au 5. Na kujimwagia maji matupu kichwani kila siku ukioga nako kunahesabika, hata bila sabuni. Ukitazama sakafu ya bafu siku za mwanzo utaiona rangi ikienda. Kofia ya kuogea ndiyo kitu kilichonisaidia kuliko kingine chochote nilichonunua.

Bahari sikuiweka kwenye daftari kwa sababu nilienda mara moja tu, na nilikuwa nimejiandaa. Nililowesha nywele kwa maji ya bomba kwanza, nikapaka kondishena, ndipo nikaingia. Dodoki lililokwisha kujaa halinywi tena, maji ya chumvi yanakuta nafasi imeshikwa. Kinachoumiza zaidi ni jua la kukaa ufukweni baadaye, kwa kuwa mwanga wa jua huvunja rangi hizi zikiwa ndani ya unywele, na kondishena ya kawaida haiuzuii. Kitambaa kichwani kinauzuia. Kuhusu jasho, wiki ya kwanza kola ya shati ilipata bluu, mto ulipata bluu, na kabla ya kuvaa helmeti ya bodaboda nilifunga kilemba cheusi kwanza, kwa ajili ya atakayeivaa baada yangu.

Baada ya mara ya 14 tulirudi Sinza na wazo ambalo tulidhani ni jepesi: tubadilishane. Yeye achukue bluu, mimi pinki. Msusi alimtazama mdogo wangu akasema wewe ndiyo, leo leo. Pinki ilishakwisha, chini kuna blondi. Ila kwa kuwa blondi yake ilikuwa nzito kwa kile kivuli kimoja, alimwekea zambarau nyingi kuliko aliyoniwekea mimi, karibu nusu kijiko cha chai kwa vijiko 4 vya bluu. Alijaribu kwanza kwenye nywele chache nyuma ya sikio, akangoja, akasuuza, akaridhika.

Kwangu alitikisa kichwa. Pinki juu ya kijani haitoi pinki, inatoa kijivu kichafu, maana nyekundu na kijani zinauana kama bluu na chungwa. Na kukitoa kijani kile kwa blichi si jambo la kuaminika. Mabaki ya bluu yana tabia ya kugoma, blichi inapita, melanini inaondoka, na kijani kinabaki kimetulia, huku nywele zikiwa zimepigwa mara ya tatu. Angeweza kunirudisha kwenye bluu, au kunipeleka zambarau kwa kuongeza pinki na bluu pamoja. Pinki safi, hapana. Tungeanza kwa mpangilio mwingine, mimi pinki kwanza halafu bluu, nisingekuwa na tatizo hilo. Nimeliandika kwenye daftari kwa herufi kubwa, ukurasa wa ndani: UKITAKA ZOTE MBILI, PINKI KWANZA.

Aliniambia pia namna ya kuifanya bluu isifike kijani, na hiyo ndiyo mdogo wangu anaifuata sasa. Chukua kondishena nyeupe ya kawaida, vijiko 5 vya chakula, weka kijiko kimoja cha ile bluu yenye zambarau, koroga kwenye chupa tupu. Kila unapoosha mara ya tatu, paka hiyo badala ya kondishena yako, kaa dakika 15, suuza. Inarudisha kile kilichotoka kabla manjano hayajapata nafasi ya kujionyesha. Jambo la muhimu ni kuanza ikiwa bado bluu. Ukingoja mpaka uone kijani, unapaka bluu juu ya kijani na unapata ile rangi ya Mbudya, nzuri, lakini siyo uliyoitaka. Mdogo wangu yuko mara ya 10 leo, ameshanunua shampuu kubwa, na kwenye safu yake kila kistari kimeandikwa "bluu" bila alama ya kuuliza.

Mimi nilikaa wiki mbili na kijani changu nikifikiri. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, na kwa siku zile zote nilikuwa nimepata sentimita mbili na nusu za nyeusi mpya chini. Jumamosi nikaenda kwa kinyozi jirani na nyumbani, nikamwambia aache nyeusi yote, aondoe kilichobaki. Alinifunga kitambaa cheupe shingoni, akawasha mashine. Zilidondoka kwenye kitambaa, ncha za kijani cha pera, na katikati yake, pale ambapo rangi ilikuwa imeshika zaidi, bado kulikuwa na bluu kidogo. Nilimwomba asizifagie kwanza, nikachukua kifungu kimoja, nikakifunga uzi, nikakiweka kwenye bahasha pamoja na vile vinne.